Kununua gemu bila kadi ya benki: kadi pepe ya M-Pesa, vocha, au jamaa aliye ng'ambo?

Kompyuta ipo, intaneti ipo, pesa zipo kwenye simu. Unafika ukurasa wa mwisho wa Steam na unaombwa namba 16 za kadi ambayo huna. Hapo ndipo wachezaji wengi wa Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam hukwama, na wengine huishia kumlipa mtu wasiyemjua kwenye kundi la WhatsApp. Zipo njia zaidi ya moja ya kuvuka hapo, na hazilingani kwa bei wala kwa usalama.

Nitalinganisha tatu ambazo kweli hufanya kazi kwa mchezaji wa Steam: kadi pepe inayotolewa na huduma ya pesa za simu, vocha ya Steam inayouzwa na wauzaji wa kwetu, na kadi ya zawadi ya kidijitali inayotumwa na jamaa aliye nje. Baadaye nitagusa PlayStation, kwa sababu kule mshindi hubadilika.

Zote tatu ni namna ya kununua dola

Steam haiuzi kwa shilingi, iwe ya Kenya au ya Tanzania. Akaunti iliyofunguliwa katika nchi hizi mbili huona bei kwa dola za Marekani. Kwa hiyo njia yoyote utakayoshika, lazima kuna mtu katikati anayegeuza shilingi zako kuwa dola. Ukitumia kadi pepe, mbadilishaji ni kampuni ya simu na washirika wake. Ukinunua vocha, mbadilishaji ni muuzaji. Ukimtumia jamaa, mnapatana wenyewe.

Ukiitazama hivyo, maswali ya kuuliza yanabaki mawili. Dola moja itanigharimu shilingi ngapi hadi ifike kwenye akaunti yangu? Na mambo yakiharibika, dola hiyo inaweza kurudi, na inarudi wapi? Matangazo ya wauzaji hujibu la kwanza nusunusu na la pili hayaligusi kabisa.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya hayo. Fungua ukurasa wa gemu yenyewe ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Ukiambiwa haipatikani katika eneo lako, usinunue vocha wala usijaze kadi kwa ajili yake, kwa sababu tatizo si malipo. Mwaka 2024 Helldivers 2 iliondolewa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, yaani huduma ya mtandaoni ya PlayStation, baada ya Sony kutangaza kwamba wachezaji wa kompyuta wangelazimika kuunganisha akaunti ya PSN. Mchezaji aliyekuwa na dola mia kwenye pochi yake ya Steam hakuweza kuinunua, sawa na asiye na hata senti.

Kadi pepe ya M-Pesa

Kenya, Safaricom ilizindua M-Pesa GlobalPay pamoja na Visa mwaka 2022. Ni kadi ya Visa isiyo na plastiki: ina namba, ina tarehe ya mwisho, na ina namba ya siri ya tarakimu tatu inayoitwa CVV. Tofauti kubwa na kadi ya benki ni kwamba CVV yake haidumu. Unaiomba kwenye programu ya M-Pesa au kupitia *334#, unapewa, na baada ya dakika 30 haifai tena. Pesa hukatwa moja kwa moja kwenye salio lako la M-Pesa, kwa hiyo hakuna akaunti nyingine ya kuhamishia.

Tanzania, Vodacom nayo ina kadi ya Visa ndani ya M-Pesa, unayoipata kwenye programu au kwa *150*00#. Kama laini yako ni ya mtandao mwingine, ingia kwenye menyu yake ya fedha utafute kadi pepe au kadi ya malipo ya mtandaoni. Ukiipata, jua kwanza jinsi inavyofanya kazi: kuna kadi zinazochota kwenye salio, na kuna zile unazozijaza kwanza. Hizo za kujaza huwachanganya watu wengi. Mtu ana pesa za kutosha kwenye simu, kadi yenyewe iko tupu, naye anaamini Steam ndiyo iliyomkataa.

Hatua zenyewe ni fupi, lakini mpangilio wake una maana. Weka gemu kwenye kikapu kwanza, fika hadi ukurasa wa malipo, chagua Visa, jaza namba na tarehe, jaza jina na anwani yako ya kweli ya Kenya au Tanzania. Kisha ndipo uombe CVV. Wanaoanza kwa kuomba CVV, halafu wakaenda kutafuta gemu na kusoma maoni ya wachezaji, hufika kwenye malipo dakika 30 zimekwisha.

Kadi ikikataliwa, mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu. CVV imepitwa na wakati. Au salio linatosha kwa kiwango cha dola ulichokisoma kwenye habari, lakini halitoshi kwa kiwango ambacho kadi inatumia, ambacho huwa juu kidogo. Au nchi uliyoandika kwenye anwani haifanani na ya kadi. Hii ya tatu huwapata wanaotumia VPN ili waone bei nafuu za nchi nyingine. Usijaribu njia hiyo. Steam huruhusu kubadilisha nchi ya duka kwa kulipa kwa njia ya malipo ya nchi hiyo, na mtu anayejificha nyuma ya VPN ili anunue anaweza kufungiwa akaunti yenye gemu zake zote.

Na ikikataliwa mara mbili, acha kubonyeza. Ukijaribu mara nyingi mfululizo, Steam hukuwekea kizuizi cha saa kadhaa na kukuonyesha ujumbe huu:

```
It looks like you've been attempting a lot of purchases in the last few hours. Please wait a while before trying again.
```

Hapo hata kadi iliyo sawa haitapita mpaka muda uishe. Kama ni saa ya mwisho ya punguzo la bei, umelikosa.

Jambo ninalolipenda zaidi katika njia hii ni kwamba ununuzi unafanyika ndani ya Steam yenyewe, hivyo kanuni ya kurudishiwa pesa inakulinda kikamilifu. Unaweza kuomba kurudishiwa ndani ya siku 14 tangu ununue, ikiwa umecheza chini ya saa 2. Unachagua pesa zirudi kwenye kadi au kwenye pochi ya Steam. Kwa kadi pepe mimi ningechagua pochi, isipokuwa kama shilingi hizo unazihitaji kwa matumizi mengine. Kurudi kwenye kadi huchukua siku zaidi, na dola hubadilishwa tena kuwa shilingi njiani, kwa hiyo kilichokatwa na kilichorudi si lazima vilingane.

Tena, kwenye ukurasa wa malipo kuna kisanduku cha kuhifadhi taarifa za kadi. Kitoe alama. Hili lina uzito zaidi kama laini ni ya mama au baba na mchezaji ni mwanafunzi asiye na kitambulisho cha kusajili laini yake. Mzazi anafungua programu, anasoma CVV, ananunua gemu moja, basi.

Vocha ya Steam

Vocha ni msimbo. Unamlipa muuzaji kwa Lipa na M-Pesa au kwa Lipa Namba, anakutumia herufi na tarakimu, kwa kawaida 15 zilizopangwa tano tano, nawe unaziingiza hapa:

```
store.steampowered.com/account/redeemwalletcode
```

Pesa zinaingia kwenye pochi papo hapo, na ukinunua gemu unachagua kulipa kwa pochi. Huhitaji kadi wala anwani ya benki, na mtandao wowote wa simu unafaa mradi muuzaji anaupokea. Kwa mtu wa Bukavu au Bujumbura ambaye huduma yake ya pesa za simu haina kadi pepe, mara nyingi hii ndiyo njia pekee iliyo wazi.

Gharama ya urahisi huo imefichwa kwenye bei. Muuzaji hununua msimbo kwa dola, anauza kwa shilingi, na faida yake iko katikati. Hakuna ubaya katika hilo, ni biashara. Lakini usilinganishe vocha kwa jina lake, linganisha kwa bei ya dola moja. Gawanya shilingi unazolipa kwa dola utakazopata. Utagundua kwamba vocha ndogo karibu siku zote ndizo ghali zaidi kwa kila dola, na mchezaji mwenye pesa kidogo ndiye anayelazimika kununua hizo hizo ndogo.

Gharama ya pili ni mabaki. Vocha huuzwa kwa viwango maalumu kama dola 5, 10, 20, 50 na 100, na gemu zina bei kama 14.99 au 7.49. Kilichobaki hukaa kwenye pochi na hakitoki. Steam haitakirudisha kwenye M-Pesa, na huwezi kumhamishia rafiki.

Kuhusu kurudishiwa, tofautisha mambo mawili. Gemu uliyoinunua kwa pesa za vocha unaweza kuirudisha kwa kanuni ile ile ya siku 14 na saa 2, ila pesa zitarudi kwenye pochi peke yake. Vocha yenyewe hairudishwi. Kanuni za Steam zinaruhusu kurudisha pesa za pochi ambazo hazijatumika ikiwa zilinunuliwa ndani ya Steam. Zilizoingia kwa msimbo hazimo. Kwa hiyo vocha ikishaingia, dola hizo ni za gemu tu.

Sarafu ya vocha nayo itazame. Msimbo wa sarafu nyingine hubadilishwa kuwa dola unapoingizwa kwenye akaunti yako ya dola, na hapo kiwango cha kubadilisha huchukua sehemu yake. Kuna misimbo mingine inayouzwa kwa ajili ya nchi fulani tu. Kwa akaunti ya Kenya au Tanzania, nunua ya dola, na muulize muuzaji kwa maandishi, kabla ya kulipa, kama inafanya kazi kwenye akaunti ya nchi yako. Jibu lake la maandishi ndilo utakalomwonyesha ikikataa.

Pamoja na hayo yote, kuna hali moja ambapo ningemshauri mtu achukue vocha hata kama kadi pepe ipo: mzazi anayemnunulia mtoto. Vocha ya dola 10 ni dola 10. Mtoto hawezi kuzidisha, hakuna kadi inayobaki kwenye akaunti, na mzazi haitwi jikoni kila mara kusoma CVV.

Jamaa aliye ng'ambo

Steam ina kadi za zawadi za kidijitali ambazo rafiki anakutumia moja kwa moja kutoka akaunti yake hadi yako. Viwango ni dola 5, 10, 25, 50 na 100. Hakuna msimbo wa kunakili wala wa kuibiwa njiani. Unapokea taarifa, unakubali, pesa zinaingia kwenye pochi yako kwa sarafu ya akaunti yako.

Kuna masharti mawili yanayowakwamisha watu. Kwanza, mtumaji na mpokeaji lazima wawe marafiki ndani ya Steam kwa siku 3 angalau. Kama punguzo la bei linaisha kesho na leo ndiyo mnaongezana, mmechelewa. Pili, akaunti ya Steam ambayo haijawahi kutumia walau dola 5 ina vizuizi, na kimojawapo ni kwamba haiwezi kutuma ombi la urafiki. Inaweza kupokea. Kwa hiyo kama akaunti yako ni mpya na haijanunua kitu, mwambie binamu yako wa Minneapolis au London akutumie yeye ombi. Akikosa kukuona kwa jina, mpe kiungo cha wasifu wako. (Vocha ya dola 5 au zaidi ukiiingiza huondoa kizuizi hicho pia, lakini gemu iliyokuja kwa msimbo kutoka duka la nje ya Steam haikiondoi.)

Wengi huuliza kwa nini jamaa asinunue gemu yenyewe na kuituma kama zawadi. Anaweza, ikiwa bei ya kwake na ya kwako hazitofautiani sana. Chukua jamaa aliye Maskati. Tangu tarehe 20 Novemba 2023, Oman imo kwenye kundi la bei la Steam la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambako gemu nyingi zimewekewa bei ya chini kuliko yetu, ingawa nao wanalipa kwa dola. Akijaribu kumtumia mtu wa Tanga gemu ambayo kwake ni nafuu sana, Steam itamzuia. Kadi ya zawadi haizuiliwi hivyo, kwa sababu inabeba pesa, haibebi gemu.

Swali lililobaki ni jinsi ya kumlipa jamaa. Kumtumia shilingi kwenda nje huwa na makato, na kwa kiasi kidogo makato hayo huharibu hesabu yote. Njia nzuri zaidi niliyoiona ni kukatana. Mjomba huwa anatuma pesa nyumbani kwa bibi kila mwezi. Mwezi huu anapunguza dola 15 kwenye zile za bibi, anakutumia kadi za zawadi za dola 15, nawe unampelekea bibi shilingi zake kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Hakuna dola iliyobadilishwa mahali popote, na bibi amepokea haki yake kamili. Mpigie simu bibi umweleze kabla, ili asidhani mjomba amepunguza.

Gemu moja, hesabu tatu

Stardew Valley inauzwa dola 14.99 kwenye Steam nje ya msimu wa punguzo. Tuchukue mchezaji wa Kenya, na tuseme dola moja sokoni ni shilingi 130. Viwango vya kadi na bei za vocha hapa chini ni vya mfano. Weka vya siku yako, namna ya kukokotoa ni ile ile.

| Njia | Unachonunua | Shilingi | Kinachobaki kwenye pochi |
|---|---|---|---|
| Kadi pepe, dola kwa 134 | dola 14.99 kamili | 2,009 | hakuna |
| Vocha mbili, 10 kwa 1,550 na 5 kwa 850 | dola 15 | 2,400 | senti 1 |
| Vocha moja ya 20 | dola 20 | 2,950 | dola 5.01 |
| Jamaa, kadi za 10 na 5 | dola 15 kwa 130 | 1,950 na ada ya kumtumia bibi | senti 1 |

Kati ya kadi pepe na vocha mbili kuna tofauti ya shilingi 391 kwa gemu ile ile. Vocha ya 20 inaonekana nafuu kwa kila dola, shilingi 147.50 badala ya 160, lakini imekufungia dola 5.01 ambazo umezilipia shilingi kama 740. Ni nafuu kweli ikiwa tayari unajua gemu nyingine ya dola 5 unayoitaka. Kama hujui, ni pesa zilizolala.

Kwenye njia ya kadi, usiingie ukiwa na shilingi 2,009 hasa. Weka 2,100, kwa sababu kiwango kinaweza kusogea kati ya kusoma na kulipa, na malipo yakikataliwa kwa upungufu wa shilingi tano hesabu ya majaribio inaongezeka. Pia soma jumla kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo, si bei ya ukurasa wa gemu, maana kama kuna kodi iliyoongezwa itaonekana hapo.

Kwa Steam, basi, nikiwa Kenya au Tanzania na laini yangu ina kadi pepe, nachukua kadi pepe. Jamaa ni nafuu kidogo zaidi, lakini hataki kusumbuliwa kwa kila gemu. Mwombe mara moja kwa mwaka, kwenye punguzo kubwa. Vocha naiweka kwa mtoto, kwa asiye na kadi pepe, na kwa PlayStation.

PlayStation: hapa vocha inashinda

Sony haina duka la PlayStation la Kenya wala la Tanzania. Wachezaji wa huku hutumia akaunti za nchi nyingine, hasa Marekani na Uingereza, na nchi huchaguliwa siku ya kufungua akaunti. Kadi pepe ya M-Pesa ni kadi ya Kenya, na duka la Marekani hukataa kadi za nje mara nyingi. Unaweza kuwa umefanya kila kitu sawasawa na bado ukakataliwa, na hakuna CVV mpya itakayobadilisha hilo.

Vocha inapita, kwa sharti moja lisilo na msamaha: nchi ya vocha iwe nchi ya akaunti. Vocha ya pauni kwenye akaunti ya Marekani haibadilishwi kuwa dola kama kwenye Steam. Inakataliwa, na muuzaji aliyekwisha kukuonyesha msimbo hana sababu ya kuurudisha. Kabla ya kulipa, fungua duka kwenye mashine yako utazame alama ya sarafu kwenye bei. Usitegemee kumbukumbu ya kaka aliyekufungulia akaunti.

Kwenye akaunti za Marekani kuna mtego mdogo. Kodi ya mauzo huongezwa juu ya bei kulingana na jimbo lililoandikwa kwenye akaunti, kwa hiyo gemu ya dola 19.99 inaweza kudai zaidi ya vocha ya dola 20. Ongeza gemu kwenye kikapu kwanza, soma jumla, ndipo ununue vocha.

Kwa gemu za simu sitakuweka muda mrefu. Kenya, Play Store hupokea M-Pesa moja kwa moja kama njia ya malipo, na kwa hiyo hakuna haja ya vocha wala ya mtu wa katikati.

Bei nafuu ambazo ningezipita

Kuna vitu viwili vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia, na kwa pesa za simu ni rahisi kuvilipia. Cha kwanza ni msimbo wa gemu kutoka masoko ambako kila mtu anaweza kuuza. Sehemu ya misimbo hiyo imenunuliwa kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akidai pesa zake, mtengenezaji huufuta msimbo. Januari 2015 Ubisoft ilizima misimbo ya gemu zake, Far Cry 4 ikiwemo, baada ya kugundua kwamba ilikuwa imenunuliwa kwa udanganyifu kwenye duka la Origin na kuuzwa tena na watu wa pembeni. Baadaye iliwarudishia waliokuwa wameshaanza kucheza, lakini haikulazimika kufanya hivyo. Mnunuzi aliyelipa kwa njia halali hakuwa na kosa, na bado gemu ilitoweka kwake kwanza. Msimbo wa gemu pia hauingii kwenye kanuni ya kurudishiwa ya Steam, kwa sababu Steam haikupokea pesa yako.

Cha pili ni akaunti yenye gemu ndani yake, maarufu sana kwa PlayStation. Unapewa barua pepe na nywila, unapakua gemu, unaambiwa usibadilishe chochote. Aliyeifungua anaweza kuidai wakati wowote, na huenda ameshaiuza kwa wengine. Hapo hujanunua gemu, umelipia ruhusa ya mtu usiyemjua.

Msimbo ukikataa

Kwa aliyechagua vocha, hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Msimbo ukikataliwa mara ya kwanza, usirudie kwa haraka. Andika upya ukitazama herufi zinazofanana: B na 8, G na 6, O na Q na 0. Kama ulipokea picha, ikuze. Kama ulipokea maandishi, nakili na ubandike, kisha hakikisha hakuna nafasi tupu mwanzoni au mwishoni.

Soma ujumbe wa kosa wenyewe. Ukisema kumekuwa na majaribio mengi mno kutoka akaunti yako au mtandao wako, msimbo huenda ni mzima. Subiri saa moja au zaidi. Hilo hutokea sana kwenye saiba na kwenye nyumba zinazotumia intaneti moja, kwa sababu majaribio ya wengine yanahesabiwa pamoja na yako. Ukisema msimbo umeshatumika, simama hapo hapo. Piga picha ya skrini yenye saa na ujumbe, weka pamoja na SMS ya M-Pesa yenye namba ya muamala, na umwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Kama ni kadi ya karatasi yenye msimbo wa kukwangua, usiitupe: Steam Support huomba picha ya kadi na risiti ya duka ili waweze kufuatilia msimbo, na bila hivyo viwili hawana pa kuanzia.

Kwa muuzaji usiyemjua, anza na vocha ndogo kabisa aliyonayo, uiingize akiwa bado kwenye mazungumzo nawe, kisha ndipo ununue ile kubwa.